Kai-mraba ya kawaida, masahihisho ya Yates au jaribio kamili la Fisher: ulinganisho kwa jedwali la mbili kwa mbili

Mtu aliyemaliza kuhesabu majibu ya hojaji na kuyapanga katika jedwali mtambuka la mbili kwa mbili hukutana na njia tatu za kupima iwapo sifa mbili alizouliza zinahusiana. Ya kwanza ni kai-mraba ya Pearson kama ilivyo. Ya pili ni kai-mraba hiyohiyo baada ya kufanyiwa masahihisho ya Yates, na ya tatu ni jaribio kamili la Fisher. Sampuli ikiwa na mamia ya watu, na hakuna chumba cha jedwali kilicho karibu kuwa kitupu, njia hizo kwa kawaida hukubaliana na hakuna sababu ya kujisumbua kuchagua. Mashaka huanza wahojiwa wanapokuwa thelathini, arobaini au hamsini, kwani hapo jedwali moja linaweza kupewa hukumu mbili zinazopingana, na mwenye hesabu hubaki hajui aandike ipi.

Hapa nitalichukua jedwali moja na kulipitisha katika njia zote tatu kwa kalamu na karatasi, ili tofauti ionekane inakotoka.

## Vigezo vya kulinganisha

Nitatumia vigezo vitatu. Cha kwanza ni kile ambacho njia inadhani kuhusu jumla za pembeni, yaani jumla za safu na za safuwima: je, zilipangwa kabla ya kukusanya majibu, au zilijitokeza zenyewe? Cha pili ni upande ambao njia huelekea kukosea sampuli ikiwa ndogo, kwa maana ya kuona uhusiano usiokuwepo mara nyingi kuliko ile 5% inayokubaliwa kwa desturi, au kuukosa uhusiano uliopo. Cha tatu ni kazi ya mkono yenyewe na mahali ambapo mkono huteleza.

Sikuiweka miongoni mwa vigezo ile kanuni maarufu ya kwamba marudio tarajiwa, yaani idadi ya watu ambayo chumba kingekuwa nayo kama sifa mbili zisingehusiana, yasipungue 5, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Kanuni hiyo ni ya maana, lakini jedwali letu linaitimiza kikamilifu na bado njia tatu hazikubaliani. Anayeitegemea kanuni hiyo pekee atadhani yuko salama, kumbe swali lake bado halijajibiwa.

## Jedwali la mfano

Huu ni mfano niliotunga. Wafanyakazi 40 wamejibu hojaji yenye maswali mawili: unafanya kazi zamu ipi, na je, unapata shida ya kulala? Kila mtu amehesabiwa mara moja tu, katika chumba kimoja tu.

| | Ana shida ya kulala | Hana shida | Jumla |
|---|---|---|---|
| Zamu ya mchana | 6 | 18 | 24 |
| Zamu ya usiku | 9 | 7 | 16 |
| Jumla | 15 | 25 | 40 |

Katika zamu ya mchana wenye shida ni 25%, na katika zamu ya usiku ni 56%. Kwa macho tofauti ni kubwa. Swali la jaribio ni kama tofauti ya namna hiyo ingeweza kujitokeza kwa bahati tu katika watu 40, endapo zamu na usingizi havihusiani kabisa. Kutohusiana huko ndiko kunakoitwa nadharia tete sifuri, na njia zote tatu huanza kwa kuidhani kuwa kweli.

## Kai-mraba ya Pearson bila masahihisho

Njia hii, iliyotolewa na Karl Pearson mwaka 1900, huuliza kila chumba kingekuwa na watu wangapi kama sifa mbili zisingehusiana. Marudio tarajiwa hupatikana kwa kuzidisha jumla ya safu na jumla ya safuwima, kisha kugawanya kwa jumla kuu. Kwa watu wa mchana wenye shida ni 24 × 15 ÷ 40, yaani 9. Kwa njia hiyohiyo vyumba vingine vinapata 15, 6 na 10. Chumba kidogo kuliko vyote kina 6, kwa hiyo kanuni ya 5 imetimizwa.

Kisha tunatafuta mchepuko wa kila chumba, yaani marudio halisi kutoa marudio tarajiwa: −3, +3, +3 na −3. Katika jedwali la mbili kwa mbili michepuko yote minne lazima ilingane kwa ukubwa na itofautiane kwa alama pekee. Huu ni ukaguzi usiogharimu kitu: ukipata −3 hapa na 2.6 pale, umekosea kuzidisha au umezidisha mno kukadiria desimali. Tunauinua kila mchepuko kwenye kipeo cha pili na kugawanya kwa marudio tarajiwa ya chumba chake:

```
χ² = 9/9 + 9/15 + 9/6 + 9/10
   = 1.0 + 0.6 + 1.5 + 0.9
   = 4.0
```

Digrii za uhuru, yaani idadi ya vyumba vinavyoweza kujazwa kwa hiari jumla za pembeni zikishajulikana, ni (2 − 1) × (2 − 1), kwa hiyo 1. Pearson mwenyewe alilikosea jambo hili. Ilikuwa ni Ronald Fisher aliyeonyesha mwaka 1922 kwamba jedwali la mbili kwa mbili lina digrii moja na si tatu. Kwa digrii 1, mpaka wa 5% ni 3.841. Thamani yetu ya 4.0 imeuvuka kwa kiasi kidogo, na thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii au zaidi kwa bahati tu, ni takriban 0.046. Kwa njia hii, nadharia tete sifuri inakataliwa.

Kuhusu kigezo cha kwanza, Pearson haidai kwamba jumla za pembeni zilipangwa. Katika hojaji ya kawaida kinachojulikana kabla ni idadi ya wahojiwa tu. Hakuna aliyeamua mapema kwamba 15 wawe na shida ya kulala. Kwa hali hiyo njia hii imekaa vizuri. Kuhusu kigezo cha pili, ukiangalia sampuli zote ambazo zingeweza kupatikana, makosa yake huwa karibu na ile 5%, ingawa mara nyingine huivuka kidogo. Wanaotaka kuipunguzia makali kidogo huzidisha jibu kwa (N − 1)/N, N ikiwa idadi ya wahojiwa, jambo lililopendekezwa na Egon Pearson, mwana wa Karl, mwaka 1947. Hapa jibu lingekuwa 4.0 × 39/40, yaani 3.9, ambalo bado liko juu ya mpaka.

Kazi ya mkono ni nyepesi, na huenda wepesi huo ndio hatari yake kubwa. Kosa ninaloliona limeenea kuliko mengine ni kuingiza asilimia badala ya hesabu za watu. Mtu akiandika 25 na 75 katika safu ya kwanza, kisha 56.25 na 43.75 katika ya pili, jaribio litadhani kuna wahojiwa 200 na kutoa kai-mraba ya 20.24, thamani inayotangaza uhakika ambao watu 40 hawawezi kuutoa. Jumla kuu ya jedwali lazima iwe idadi ya watu waliojibu maswali yote mawili, isizidi wala kupungua.

## Kai-mraba yenye masahihisho ya Yates

Frank Yates aliyapendekeza masahihisho haya mwaka 1934, na sababu yake inaonekana wazi katika jedwali letu. Mpaka wa 3.841 umetoka katika mkunjo laini ambao kai-mraba inaweza kuchukua thamani yoyote. Watu, hata hivyo, huhesabiwa kwa namba kamili. Jumla za pembeni zikibaki kama zilivyo, mchepuko unaweza kuwa 2, 3 au 4, lakini hauwezi kuwa 2.7. Mchepuko wa 2 hutoa kai-mraba ya 1.78, wa 3 hutoa 4.0, na wa 4 hutoa 7.11. Katikati hakuna kitu. Tunatumia mteremko kupima ngazi, na Yates alisema kila kipandio kihesabiwe kuanzia nusu ya chini yake.

Hatua ni ileile isipokuwa moja: kabla ya kuinua kwenye kipeo cha pili, ukubwa wa mchepuko unapunguzwa kwa 0.5. Hivyo 3 inakuwa 2.5, na kipeo chake cha pili ni 6.25.

```
χ² = 6.25/9 + 6.25/15 + 6.25/6 + 6.25/10
   = 0.694 + 0.417 + 1.042 + 0.625
   = 2.778
```

Thamani hii haifiki 3.841, na p yake ni takriban 0.096. Hukumu imegeuka: kwa njia hii hatuna ushahidi wa kutosha wa kukataa nadharia tete sifuri. Hakuna mtu mmoja aliyeongezwa wala kuondolewa katika jedwali.

Kuhusu jumla za pembeni, masahihisho haya yanafikiri kwa namna ya Fisher, yaani yanazichukulia kama zimefungwa, na lengo lake hasa ni kukaribia jibu la jaribio kamili bila mzigo wa hesabu yake. Kwa hiyo anayeyatumia kwenye hojaji ambayo jumla zake zilijitokeza zenyewe anajibu swali lililobanwa kuliko lile aliloliuliza. Upande wa makosa nao unafuata hapo: njia hii ni ya tahadhari mno, na huukosa uhusiano uliopo mara nyingi kuliko inavyopaswa. Binafsi naona vigumu kuitetea kama desturi ya kila jedwali dogo, ingawa naelewa kwa nini ilipendwa katika enzi ambayo kila zidisho lilifanywa kwa mkono.

Mkono huteleza hapa mahali pamoja maalumu. Kinachopunguzwa ni ukubwa wa mchepuko bila kujali alama yake. Anayetoa 0.5 kwenye −3 na kupata −3.5 ameukuza mchepuko badala ya kuupunguza, na jibu lake litapotoka bila dalili nyingine. Tena masahihisho haya ni ya jedwali lenye digrii 1 ya uhuru. Hayaingizwi katika jedwali la mbili kwa tatu au kubwa zaidi.

## Jaribio kamili la Fisher

Fisher hakukadiria kwa mkunjo wowote. Aliuliza hivi: tukizishikilia jumla za pembeni, 24, 16, 15 na 25, ni majedwali gani yote yanayowezekana, na uwezekano wa kila moja ni upi? Mfano wake mashuhuri wa mwaka 1935 ulikuwa wa mwanamke aliyedai kutambua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai. Alipewa vikombe 8, naye aliambiwa kwamba 4 ni vya namna moja na 4 vya namna nyingine. Pale jumla zote za pembeni zilikuwa zimefungwa kweli, na uwezekano wa kupatia vyote kwa kubahatisha ni 1 kwa 70.

Kwa jedwali letu, tuite x idadi ya watu wa usiku wenye shida. Inaweza kuwa kuanzia 0 hadi 15; sisi tumepata 9. Uwezekano wa jedwali letu ni huu:

```
P(9) = (24! × 16! × 15! × 25!) / (40! × 6! × 18! × 9! × 7!)
     = 0.03828
```

Faktoria hizi, ambapo 4! ni 4 × 3 × 2 × 1, hutisha, lakini zinahitajika mara chache. Ukishapata uwezekano wa jedwali moja, la jirani yake hupatikana kwa zidisho moja. Kutoka x = 9 kwenda x = 10, vyumba viwili vitapungua kwa mtu mmoja mmoja, navyo ni 7 na 6, na viwili vitaongezeka, 9 kuwa 10 na 18 kuwa 19. Zidisha P(9) kwa (7 × 6) ÷ (10 × 19) na utapata P(10) = 0.00846. Hatua inayofuata, (6 × 5) ÷ (11 × 20), inatoa P(11) = 0.00115, na baada ya hapo namba ni ndogo mno. Jumla ya upande huu, kuanzia 9 kwenda juu, ni 0.0480.

Huo ni upande mmoja tu. Swali la kama kuna uhusiano wowote linahitaji pande zote mbili, na desturi iliyoenea ni kujumlisha kila jedwali ambalo uwezekano wake hauzidi ule wa jedwali letu. Upande wa pili, x = 3 ina uwezekano wa 0.03765, mdogo kidogo kuliko 0.03828, hivyo inaingia pamoja na x = 2, 1 na 0. Jumla yao ni 0.0459. Thamani kamili ya p ni 0.0480 + 0.0459, yaani takriban 0.094. Inakaribiana sana na 0.096 ya Yates, jambo linaloonyesha kwamba masahihisho yake yalifanya kazi yaliyoundiwa.

Mtelezo wa hatari hapa ni kusimama kwenye 0.048. Aliyeona kwanza kwamba watu wa usiku wana shida zaidi, kisha akaamua kutumia upande mmoja, amejipa nafasi mara mbili ya kufaulu huku akiripoti moja. Upande mmoja unaruhusiwa pale tu uelekeo uliposemwa kabla ya majibu kuhesabiwa.

Kigezo cha pili ndicho kinachohitaji kutazamwa kwa makini. Kwa jumla hizi za pembeni, jaribio la Fisher litakataa nadharia tete sifuri pale tu x inapofika 10 au zaidi, au inaposhuka hadi 2 au chini. Uwezekano wa kuangukia huko kwa bahati ni takriban 0.018. Mtafiti anadhani amekubali hatari ya 5%, kumbe anafanya kazi kwa hatari isiyofika 2%, na gharama yake ni kupitwa na uhusiano halisi. Lakini haki itendeke pande zote: ukizifunga jumla hizohizo na kutumia kai-mraba ya kawaida, itakataa pia x inapokuwa 9 au 3, na uwezekano wa hapo ni 0.094, karibu mara mbili ya 5%. Kila njia inaonekana mbaya ikipimwa kwa dhana ya mwenzake. Hapo ndipo penye mzizi wa mgogoro wote: tofauti haiko katika usahihi wa hesabu, iko katika kundi la sampuli ambazo mtu anakubali kulinganisha na yake.

Katika jedwali kubwa kuliko mbili kwa mbili jaribio kamili linawezekana, lakini idadi ya majedwali ya kuhesabu hupanda haraka kiasi kwamba si kazi ya mkono tena.

## Kuchagua kulingana na hali

Uamuzi ufanywe kabla ya kuona jibu. Anayehesabu kwa njia zote tatu kisha kuchagua ile iliyompendeza hajafanya jaribio lolote kati ya hayo, hata kama kila mstari wa hesabu yake ni sahihi.

Ikiwa hojaji ilikusanya watu bila kupanga mapema jumla za majibu, na marudio tarajiwa yote yanafika 5, kai-mraba ya kawaida inafaa, pamoja na kipunguzo cha (N − 1)/N kwa anayetaka tahadhari. Ndivyo ilivyo pia ikiwa jumla za upande mmoja tu zilipangwa, kwa mfano kuchagua watu 24 wa mchana na 16 wa usiku kwa makusudi.

Ikiwa baadhi ya marudio tarajiwa yako chini ya 5 katika jedwali la mbili kwa mbili, mkunjo laini hautegemeki vya kutosha, na jaribio kamili la Fisher ndilo kimbilio la busara, mradi msomaji ajue ni la tahadhari. Angalia kwamba kinachotazamwa ni marudio tarajiwa; chumba chenye watu 3 waliohesabiwa si tatizo kama kilitarajiwa kuwa na 8. Fisher ndiye pia wa kutumiwa pale jumla zote zilipofungwa kweli na mpango wa utafiti, hata kama namba ni kubwa.

Masahihisho ya Yates yanamfaa aliye katika hali ya Fisher lakini hana njia ya kuhesabu faktoria, au anayetakiwa na mwongozo wa mahali pake kuyatumia. Akiyatumia, aandike wazi kwamba ameyatumia, kwa sababu 2.778 na 4.0 zote zinaweza kuandikwa χ² na msomaji asijue ni ipi.

Kwa jedwali kubwa zaidi, inabaki kai-mraba ya kawaida kwa kufuata kipimo cha William Cochran cha mwaka 1954: vyumba vyenye marudio tarajiwa chini ya 5 visizidi 20% ya vyote, na kisiwepo chenye chini ya 1. Likishindwa hapo, unganisha makundi yanayounganika kwa maana, kwa mfano "mara chache" na "mara chache sana", wala si yale yanayounganika kwa sababu tu ni madogo.

Na aliyeangukia jedwali kama letu, ambapo p inasimama upande huu au ule wa 0.05 kwa kutegemea njia, atoe pia ukubwa wa tofauti yenyewe. Kati ya 25% na 56% kuna pengo la pointi 31, na kosa sanifu la pengo hilo ni takriban pointi 15, kwa hiyo kadirio la 95% linaanzia takriban pointi 1 hadi 61. Msomaji akiliona kadirio hilo ataelewa kwamba watu 40 wameacha nafasi ya tofauti ndogo isiyo na maana na ya tofauti kubwa sana kwa pamoja, na kwamba kinachokosekana hapa ni wahojiwa zaidi.